Maneno Machache Chini ya Pengo



Mtoto akifikia miaka sita hivi, jino lake la kwanza hulegea. Hulisukuma kwa ulimi mchana na usiku. Hulionyesha kwa kila mgeni. Kisha siku moja jino linang'oka, na mtoto anabaki na pengo. Siku hizi simu zenye kamera zimeingia vijijini, kwa hiyo pengo hilo hupigwa picha. Mtoto anacheka, mtu mzima anabonyeza, na picha imepatikana.

Hapo kazi moja imebaki. Ni kuandika maneno ya picha. Maneno ya picha ni yale machache yanayokaa chini ya picha au nyuma yake. Ni mstari mmoja, au miwili ikizidi. Wewe sasa unajua kuandika, na mstari mmoja haukushindi. Lakini mstari huo mfupi una mambo yake. Nitakueleza jinsi tulivyouandika wa mjukuu wangu hapa Kemondo, nawe utaona ni mambo gani.

Mjukuu wangu nitamwita Koku. Jina lake kamili naliacha. Huku Buhaya majina mengi ya wasichana huanza na Koku, na ukiita "Koku!" sokoni Kemondo watageuka watano. Basi huyu wangu atajificha katikati yao.

Jino la Koku liling'oka Ijumaa, tarehe 14 Juni 2024. Alikuwa na miaka sita na miezi mitatu. Jino lenyewe lilikuwa la mbele, la chini. Kwa watoto wengi huwa ni hilo la mbele la chini linalotangulia. Wengine huanza na miaka mitano, wengine saba. Lilikuwa limelegea kwa wiki mbili. Siku hiyo Koku alikuwa anakula muwa. Akauma, akavuta, jino likabaki kwenye muwa.

Hakulia. Aliutazama muwa, akatutazama sisi, akacheka. Damu ilikuwa kidogo. Nilikunja kitambaa safi, nikamwambia akiume kwa nguvu, nikamkalisha. Baada ya dakika kumi damu ilikuwa imekoma.

Kisha akaniuliza swali. "Bibi, mzizi wake uko wapi?"

Alikuwa ameona mihogo iking'olewa. Anajua kwamba kitu kikitoka ardhini hutoka na mzizi wake. Jino lake lilikuwa fupi kama punje ya mahindi, na kwa chini lina kishimo. Akadhani limevunjika na nusu imebaki ndani.

Nakueleza kama nilivyomweleza yeye, kwa sababu maneno ya picha yetu yalizaliwa hapo. Mtoto ana meno ishirini ya utotoni, kumi juu na kumi chini. Chini ya meno hayo, ndani ya taya, meno ya ukubwani yanajijenga polepole. Jino la ukubwani linapoanza kupanda, mwili huumumunya mzizi wa jino la utotoni lililo juu yake. Mzizi hupungua kidogo kidogo kwa miezi mingi. Unapokwisha, jino halina tena cha kushikia. Hulegea, na hata muwa huling'oa. Kwa hiyo mzizi wa jino la Koku haukubaki ndani. Ulikuwa umekwisha kuyeyuka. Na aliyesababisha uyeyuke ni jino jipya, ambalo lilikuwa limekwisha kuanza safari.

Ukiokota jino la mtoto ukaona lina mzizi mrefu, mzima, jua kwamba hilo halikung'oka kwa wakati wake. Huenda mtoto ameanguka au amegongwa. Huyo mpeleke kwa mganga kwanza. Picha itasubiri.

Tulilirusha jino juu ya paa, kama tulivyofanya sisi tulipokuwa watoto. Zamani paa lilikuwa la nyasi, na jino likirushwa halirudi. Siku hizi paa ni la bati. Jino la Koku liliteleza likarudi mara tatu, na mara ya tatu lilimpiga jogoo. Mara ya nne alilirusha baba yake mdogo, naye ana mkono mrefu.

Baada ya hapo ndipo tukapiga picha. Pengo la chini ni gumu kulipiga, maana mtoto akicheka mdomo wa chini hulifunika. Picha mbili za kwanza zilionyesha meno ya juu tu, kana kwamba hakuna kilichotokea. Tukamtoa Koku ndani, tukamsimamisha kwenye kivuli cha ukuta, mahali penye mwanga lakini pasipo na jua kali usoni. Baba yake mdogo alichuchumaa, simu ikawa usawa wa mdomo wa mtoto. Nikamwambia Koku, "Sema ndizi! Vuta mwisho." Akasema, "Ndiziiii." Irabu ya mwisho ikavuta midomo yake pande zote mbili, na pengo likaonekana wazi. Jaribu na wewe mbele ya kioo. Ukisema "ndoo" meno yanafichika. Ukisema "ndizi" yanatoka nje.

Sasa tukafika kwenye maneno.

Baba yake Koku anafanya kazi Mwanza. Hakuwapo jino lilipong'oka, na picha ilikuwa ya kumpelekea yeye. Ndugu yake, yaani huyo baba mdogo, ndiye aliyeandika kwanza. Aliandika hivi:

"Hii ni picha ya mtoto Koku akiwa amesimama nje ya nyumba, amevaa gauni la bluu, anacheka, na jino lake moja la mbele la chini limengoka."

Hebu usome mstari huo huku ukiifikiria picha. Kwamba ni picha, baba ataona. Kwamba mtoto amesimama nje, ataona. Gauni la bluu ataliona, kicheko atakiona, pengo ndilo atakaloliona kabla ya vyote. Nilichukua kalamu nikakata kila kitu ambacho jicho linaona lenyewe. Likabaki neno moja tu, Koku. Na hata hilo baba yake analijua.

Kulikuwa na jambo jingine dogo. Kijana alikuwa ameandika "limengoka". Lisome kwa sauti, kama unavyosoma "ngoma" au "ngazi". Haliwi neno. Sauti tunayoitaka ni ile ya "ng'ombe", nayo huandikwa kwa alama ya juu baada ya herufi g. Jino lime-ng'-oka. Kijana amemaliza kidato cha nne, lakini alama hiyo huisahau. Kama nawe huisahau, andika "jino limetoka". Ni neno zuri pia, na halina alama.

Basi nikamwambia, "Mwanangu, andika kitu ambacho picha haiwezi kusema."

Akafikiri. Yeye ni mpenzi wa mpira. Akaandika:

"Muwa 1, Koku 0."

Tulicheka sana. Maneno hayo ni mafupi, na yanaeleza jambo ambalo picha haionyeshi, yaani kwamba muwa ndio ulioling'oa jino. Mimi niliona kazi imekwisha. Tukamsomea Koku mwenyewe. Akakunja uso.

"Mimi sijafungwa," alisema. "Jino limetoka, na muwa nimeumaliza."

Ni kweli, alikuwa ameumaliza. Tungeweza kumwambia kwamba ni mzaha tu. Lakini picha ni ya uso wake, na maneno yatakaa chini ya uso huo miaka mingi. Tukayafuta.

Jirani yetu aliyekuwa amekaa hapo akasema, "Andikeni kibogoyo wa Kemondo." Nilikataa palepale, kwa sababu mbili. Kwanza, kibogoyo ni mtu asiye na meno kabisa, naye Koku alikuwa na meno kumi na tisa ya utotoni mdomoni. Pili, hilo ni jina la kumzomea mtu. Likiandikwa chini ya picha, watoto wenzake watalisoma, nao watamwita hivyo njiani kwenda shuleni mpaka jino jipya litoke na hata baada ya hapo. Mzaha wa picha ya pengo unafaa kulicheka pengo. Usimcheke mwenye pengo.

Tukajaribu tena. Tangu jino litoke, ulimi wa Koku ulikuwa unachungulia penye nafasi, naye alipata kitembe kidogo. Alipotaka kusema "sita" ilitoka "thita". Baba mdogo akaandika:

"Nina miaka thita."

Hapa nilisita. Maneno ni matatu tu, na ni sauti ya mtoto mwenyewe. Kwa baba aliye mbali, kumsikia mwanawe kwenye karatasi ni jambo kubwa. Tena kitembe cha namna hiyo kwa kawaida huondoka meno mapya yakijaza nafasi. Kama Koku angeyapenda, ningeyaacha. Aliyasoma mwenyewe polepole, maana yuko darasa la kwanza. Alipofika kwenye "thi" akasema, "Hapa mmekosea. Ni si." Hakuwa anajisikia anavyosema. Kumweleza kungemfanya aanze kuogopa kusema neno sita mbele ya watu. Tukayaacha hayo nayo.

Ndipo nikakumbuka swali lake la mzizi na lile jino jipya lililo safarini. Wewe ukiwa mtu wa Kemondo utajua mara moja akili yangu ilikokwenda. Kemondo ni bandari. Sisi tumezaliwa tukisikia honi ya meli inayokwenda Mwanza. Na kungoja meli tunakujua. MV Victoria ilikaa miaka kadhaa bila kusafiri, ikatengenezwa, ikarudi ziwani mwaka 2020. Watu wa hapa wanajua gati tupu linavyofanana. Linafanana na mdomo wa Koku.

Nikamwambia kijana aandike:

"Bandari ya Kemondo: meli moja imeondoka, nyingine iko njiani."

Koku alisomewa. Akauliza, "Mimi ndiyo bandari?" Nikasema ndiyo. Akafungua mdomo wote, akapiga honi. Maneno yalikuwa yamepita.

Uyatazame maneno hayo. Hayasemi jino, hayasemi pengo. Picha imekwisha kuyasema hayo. Wala si mzaha wa uongo, kwa sababu meli ya pili iko njiani kweli, ndani ya ufizi. Na msomaji wake ni baba aliyepanda meli hapo hapo kwenda kazini. Maneno haya yangeandikwa chini ya picha ya mtoto wa Dodoma yasingechekesha. Wewe tafuta ya kwenu. Kama kwenu ni wafugaji, labda ng'ombe mmoja ametoka zizini. Kama wewe ni fundi wa nyumba, labda dirisha limefunguliwa. Lakini mpe mtoto asikie kwanza.

Mtoto mmoja wa jirani yeye alikuwa na mambo mengine. Jino lake jipya lilitokeza nyuma ya lile la zamani kabla la zamani halijatoka. Mama yake alishtuka, akadhani ni ugonjwa. Hilo hutokea kwa watoto wengi, hasa kwa meno ya chini. Kwa kawaida la zamani huendelea kulegea hadi litoke, na ulimi husukuma lile jipya mbele mpaka likae mahali pake. Likikaa miezi miwili au mitatu bila kulegea, apelekwe kwa mganga wa meno. Picha ya mtoto huyo tuliiandikia, "Meli mbili, gati moja." Mama yake aliipenda, na hofu ikampungua.

Hapo kwenye mzaha tungeweza kuishia. Lakini mimi sikukubali picha iondoke na mzaha peke yake, na sababu yangu ni picha moja ya zamani niliyo nayo.

Mimi nilizaliwa mwaka 1964. Mdogo wangu alizaliwa mwaka 1966. Mkoa wetu wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi. Mpiga picha alikuwa akija kutoka mjini Bukoba kwa baiskeli, mara moja moja, na picha zilikuwa nyeusi na nyeupe. Katika vitu vya mama tulikuta picha ya msichana mmoja mdogo. Amesimama peke yake, anacheka, na jino moja la mbele la chini halipo. Amevaa gauni lenye kola nyeupe. Gauni hilo nililivaa mimi, na lilipokuwa fupi kwangu alilivaa mdogo wangu. Sura zetu zilifanana sana.

Mdogo wangu alifariki mwaka 1974 kwa ugonjwa wa surua. Hakuna picha yake nyingine.

Mama alisema yule msichana ni mimi. Shangazi alisema, hapana, ni marehemu. Kila mmoja alikuwa na hakika. Mimi mwenyewe sikumbuki kupigwa picha hiyo. Nimeitazama mara nyingi. Meno mengine yote ni madogo, ya utotoni, na pengo ni la chini mbele. Kwa hiyo najua kwamba mtoto huyo alikuwa na miaka sita hivi. Lakini mimi nilikuwa na miaka sita mwaka 1970, na mdogo wangu alikuwa na miaka sita mwaka 1972. Pengo linanipa umri tu. Jina hainipi, wala mwaka.

Nyuma ya picha ni peupe. Mama wakati ule alikuwa hajajifunza kuandika. Sasa yeye na shangazi wote wamefariki, na hakuna wa kumuuliza. Picha hiyo nimeitundika ukutani. Wageni wakiniuliza ni nani, nasema ni binti wa nyumba hii.

Kwa hiyo, msomaji wangu, pamoja na mzaha, mambo manne niliyataka yaandikwe kwa picha ya Koku. Ni jina lake, umri wake, siku, na jino gani. Yote yanaingia katika mstari mfupi. Siku iandike na mwaka mzima, 2024, wala si 24. Mjukuu wa mjukuu wako hatajua 24 ya karne gani. Maneno yetu yalikuwa hivi yalipokamilika:

"Koku, miaka 6. Jino la kwanza, mbele chini. Kemondo, 14 Juni 2024. Meli moja imeondoka, nyingine iko njiani."

Umeona kwamba "Bandari ya" limeanguka? Kemondo imekwisha kutajwa pamoja na tarehe. Anayejua Kemondo anajua bandari. Neno likianguka na maana ikabaki, liache lilale.

Kwenye karatasi tuliandika jina lake kamili na la baba yake. Kwenye simu tuliandika Koku tu, wala hatukutaja shule yake. Picha ya simu hutoka kwa mtu hadi kwa mtu, na hujui itafika kwa nani. Ya karatasi inakaa nyumbani kwako.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Maneno unayoandika chini ya picha unapoituma kwa simu hayamo ndani ya picha yenyewe. Mtu akiihifadhi picha ile kati ya picha zake, inakaa bila maneno. Baada ya miaka mitatu ataikuta kati ya picha elfu, haina jina wala siku. Basi tukaisafisha picha ya Koku mjini Bukoba, tukapata moja ya karatasi.

Picha za karatasi za siku hizi huteleza mbele na nyuma. Ukiandika nyuma kwa kalamu ya wino, wino haukauki upesi. Ukiipanga juu ya nyingine, wino unahamia kwenye uso wa mtu wa chini yake. Na ukibonyeza kwa nguvu, mkwaruzo unatokea upande wa mbele. Mimi nilitumia penseli laini. Niliilaza picha kifudifudi juu ya meza ngumu yenye kitambaa safi, nikaandika pembeni kabisa, mbali na mahali uso wa mtoto ulipo, bila kukandamiza. Mahali penseli ilipokataa kushika, niliandika maneno kwenye karatasi nyembamba, nikaiweka pamoja na picha ndani ya bahasha moja. Gundi sikuitia, maana gundi huiharibu picha.

Baba yake Koku alijibu usiku ule ule. "Shikamoo mama. Mwambie nahodha meli ikionekana anipigie honi."

Kwa hiyo nyuma ya picha niliacha nafasi ya mstari wa pili. Koku alikuwa akinijia kila Jumapili baada ya chai, anafungua mdomo, nami napapasa ufizi kwa kidole kilichooshwa. Wiki nyingi zilipita bila kitu. Hiyo ni kawaida. Meno ya mbele ya chini huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Jumatatu moja nililetewa habari kwamba nyuma kabisa, baada ya gego lake la mwisho, kuna kitu kigumu. Hilo lilikuwa gego la ukubwani. Hutoka katika umri huo huo bila jino lolote kung'oka, na kwa hiyo wazazi wengi hudhani ni la utotoni, hawalijali, nalo hutoboka mapema. Halibadilishwi tena. Koku sasa analipiga mswaki mpaka kule nyuma.

Lakini hiyo haikuwa meli tuliyoingojea. Jumanne, tarehe 3 Septemba 2024, nilipapasa pale mbele nikakuta kitu chenye makali. Tulisogea mlangoni kwenye mwanga. Ukingo wake ulikuwa na meno meno kama msumeno, na jino jipya huwa hivyo kabla halijasagika kwa kula. Lilikuwa pana kuliko jirani zake, na weupe wake una manjano kidogo. Koku aliogopa kwamba ni bovu. Nilimwonyesha yangu machache yaliyobaki, nayo yana rangi hiyo hiyo.

Akaleta picha na penseli mwenyewe. Mstari wa pili aliuandika yeye, kwa herufi kubwa, huku ametoa ulimi:

"MELI IMEFIKA. 3 SEPTEMBA 2024."

Kisha akataka simu ampigie baba yake honi.